Riba Inayokatwa Juu kwa Juu: Gawanya kwa Ulichoshika Mkononi

Mpunga wa Pawaga ulipokuwa umeanza kuingia mjini, mama mmoja anayeuza mchele soko la Mlandege hapa Iringa aliniita kibandani kwake. Alikuwa anapima mchele kwa kisado, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya mzani.

"Kamwene, mwanangu. Wewe una mazoea na mahesabu, hebu nitazamie hii. Nimekopa milioni moja, nimepewa laki nane. Wanasema riba ni asilimia tatu tu kwa mwezi. Mbona mpunga niliopanga kuununua haukufika?"

Niliikunjua karatasi. Kiasi cha mkopo, shilingi 1,000,000. Muda, miezi 6. Riba, asilimia 3 kwa mwezi. Ada ya kushughulikia mkopo, asilimia 2. Rejesho, mara moja, mwisho wa mwezi wa sita. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, palikuwa na sentensi iliyobeba jibu la swali lake: riba na ada zitakatwa siku mkopo unapotolewa.

Sentensi hiyo moja ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu nimeikuta kwenye karatasi nyingi mno, za kampuni za mikopo na hata za vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Watu wengi huichukulia kuwa ni utaratibu tu wa lini riba inalipwa. Sivyo. Inabadilisha bei ya mkopo wenyewe, na asilimia iliyoandikwa juu ya karatasi inabaki pale pale kana kwamba hakuna kilichotokea.

Asilimia ya fedha ipi?

Tuanze na karatasi ya mama. Asilimia 3 kwa mwezi kwa miezi 6 ni asilimia 18. Ongeza ada ya asilimia 2, jumla ni asilimia 20. Asilimia 20 ya milioni moja ni laki mbili. Hizo zilikatwa, akapewa laki nane. Mpaka hapo mkopeshaji hajakosea hesabu hata kidogo.

Kosa liko kwenye swali ambalo halikuulizwa: hiyo asilimia 20 ni ya fedha ipi? Mkopeshaji ameipiga juu ya milioni moja. Lakini mama hajawahi kuishika milioni moja, hata kwa dakika moja. Alichoshika, alichofunga kwenye kanga na kwenda nacho Pawaga, ni laki nane. Hizo laki nane ndizo mkopo wake. Na kwa kuzitumia miezi sita atarudisha milioni moja, yaani laki nane zilizomsaidia pamoja na laki mbili za gharama.

Basi gawanya laki mbili kwa laki nane. Unapata robo kamili, asilimia 25. Hiyo ndiyo riba halisi ya miezi sita. Ukiigawanya kwa miezi sita unapata karibu asilimia 4.2 kwa mwezi, si 3.

Kanuni yenyewe ni fupi, na inaingia hata kwenye kikokotoo cha simu ya kitochi:

```
riba halisi = kilichokatwa / ulichopokea

200000 / 800000 = 0.25
```

Kwa hiyo tuna asilimia mbili zinazoelezea mkopo huo huo. Ya kwanza nitaiita kiwango cha kukata: inapimwa juu ya kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Ya pili ni riba halisi: inapimwa juu ya fedha uliyoondoka nayo. Kila riba inapokatwa mwanzoni, riba halisi huwa kubwa kuliko kiwango cha kukata. Haitokei kinyume chake, kwa sababu gharama ni ile ile lakini fedha unayoigawanyia imepungua.

Na pengo kati ya hizo mbili halikui kwa kipimo sawa. Kiwango cha kukata kikiwa asilimia 10, riba halisi ni 11.1, na unaweza kusema si neno. Kikifika 20, ni 25. Kikifika 30, ni karibu 43. Kikifika 50, unaomba milioni moja, unapewa laki tano, unarudisha milioni moja: hapo umelipa asilimia 100 huku karatasi ikisema 50. Ndiyo maana mikopo ya muda mrefu inayokatwa juu kwa juu inauma kuliko ya muda mfupi hata kama asilimia ya mwezi ni ile ile. Miezi inapoongezeka, kinachokatwa kinaongezeka, na fedha inayobaki mkononi kufanya kazi inapungua.

Kwenye magunia

Mama hakutaka asilimia. Alitaka kujua kuhusu mpunga, nami nikamfanyia hesabu hiyo hiyo kwa magunia.

Tuseme gunia moja la mpunga, pamoja na usafiri mpaka lifike ghalani, linamgharimu shilingi 100,000. Alipanga magunia 10. Kwa laki nane alipata 8. Mwisho wa mwezi wa sita magunia hayo 8 lazima yalipe milioni moja. Kwa hiyo kila gunia lazima liingize 125,000 ili arudishe deni tu, kabla hajapata hata shilingi ya chumvi.

Sasa fikiria angepewa mkopo ule ule wa asilimia 20, ila riba na ada zilipwe mwishoni. Angepokea milioni nzima, angenunua magunia 10, angerudisha 1,200,000. Kila gunia lingetakiwa kuingiza 120,000. Tofauti ni shilingi 5,000 kwa kila gunia. Mfanyabiashara wa mchele anaijua thamani ya 5,000 kwenye gunia; mara nyingi hiyo ndiyo faida yenyewe.

Liangalie jambo hili pia kwa upande wa bei ya soko. Kwenye mkopo wa riba ya mwishoni, bei ya mpunga ikipanda asilimia 20 kutoka mavuno mpaka Desemba, anatoka bila hasara. Kwenye mkopo wa kukatwa mwanzoni, lazima ipande asilimia 25. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama riba ni nafuu, jiulize kama bidhaa yako inaweza kupanda kiasi cha riba halisi ndani ya muda wa mkopo. Swali hilo huwezi kulijibu ukiwa na asilimia isiyo sahihi.

Ukitaka milioni mkononi, uombe kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mtu akishajua kwamba asilimia 20 itakatwa, anasema: basi nitaongeza asilimia 20 juu ya ninachohitaji. Anaomba 1,200,000. Siku ya kupewa anakatwa asilimia 20 ya 1,200,000, ambayo ni 240,000, anaondoka na 960,000. Bado anapungukiwa 40,000, na deni lake limepanda.

Njia sahihi ni kugawanya. Ukikatwa asilimia 20, unabaki na 80 katika kila 100. Gawanya unachohitaji kwa 0.80:

```
kiasi cha kuomba = unachohitaji / (1 - kiwango cha kukata)

1000000 / (1 - 0.20) = 1250000
```

Omba 1,250,000, ikatwe 250,000, ubaki na milioni kamili. Hesabu hii ina faida ya pili: inakuonyesha wazi kwamba milioni moja unayoitaka itakudai 1,250,000. Wengi wakiiona namba hiyo hujikuta wakipunguza mkopo wenyewe, na mara nyingi hilo ndilo jambo la busara.

Riba ikikatwa mwanzoni, na marejesho yakawa ya kila mwezi

Mama wa Mlandege alikuwa na nafuu moja: alirudisha mara moja mwishoni. Mikopo mingi ya wafanyabiashara wadogo haiko hivyo. Riba inakatwa siku ya kwanza, kisha unaanza kurejesha kila mwezi au hata kila wiki. Hapo ndipo gharama inapopanda bila mtu kuiona.

Chukua namba zile zile. Mkataba wa milioni moja, unakatwa laki mbili, unapewa laki nane, unarejesha kwa awamu sita za mwezi, kila awamu 166,667. Jumla unayolipa haijabadilika, bado ni milioni moja. Kilichobadilika ni muda uliokaa na fedha ya watu. Laki nane ulikuwa nazo mwezi wa kwanza tu. Baada ya rejesho la kwanza umebaki na pungufu, baada ya la pili pungufu zaidi, na ukifika mwezi wa sita fedha ya mkopeshaji iliyobaki kwenye biashara yako ni kama 156,000. Lakini riba ilishakatwa kana kwamba ungekaa na milioni nzima miezi yote sita.

Kuna kipimo cha haraka. Gharama ya laki mbili ukiigawa kwa miezi sita ni kama 33,300 kwa mwezi. Na ukichukulia kwamba zile laki nane zinapungua kwa hatua sawa mwezi hadi mwezi, wastani wa fedha uliyokuwa nayo katika kipindi chote ni kama 467,000. Gawanya 33,300 kwa 467,000, unapata asilimia 7.1 kwa mwezi. Ni makadirio, na yamezidi kidogo. Ukitaka jibu kamili, fungua programu ya majedwali ya hesabu kwenye kompyuta au simu, andika hivi kwenye kisanduku kimoja:

```
=RATE(6,-166667,800000)
```

Sita ni idadi ya marejesho. Namba ya pili ni rejesho moja, lenye alama ya kutoa kwa sababu fedha inatoka mfukoni mwako. Ya tatu ni fedha uliyopokea. Si ile ya kwenye mkataba, na hapo ndipo uwe makini. Jibu ni 0.0677, yaani karibu asilimia 6.8 kwa mwezi. Kisanduku kikikuonyesha 7% tu, ongeza tarakimu za desimali.

Mkataba unasema asilimia 3 kwa mwezi. Hata ukiihesabu ile ada, unafika 3.3. Riba halisi ni 6.8. Imezidi mara mbili, na hakuna aliyebadilisha namba hata moja kwenye karatasi.

Ukilipa mapema, ukichelewa

Mama aliniuliza swali jingine zuri. "Nikiuza mapema nikawarudishia mwezi wa tatu, si nitakuwa nimepunguza riba?"

Inategemea mkataba, na kwenye mkataba wake jibu lilikuwa hapana. Riba ya miezi sita ilishachukuliwa siku ya kwanza. Akirudisha milioni mwezi wa tatu, amelipa asilimia 25 kwa miezi mitatu, yaani zaidi ya asilimia 8 kwa mwezi. Mkopo wa riba ya kukatwa mwanzoni unamwadhibu anayelipa mapema, isipokuwa mkataba uwe na kifungu kinachosema riba ya miezi ambayo haijafika itarudishwa. Kifungu hicho kidai kabla ya kusaini, na kidai kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya afisa mikopo haina pa kushikia, maana mwezi wa tatu unaweza kukuta amehamishwa.

Anayechelewa naye ana mtego wake. Mkopeshaji atamwambia: tukufungulie mkopo mpya, ulipe wa zamani. Ili alipe milioni moja ya zamani kwa mkopo mpya unaokatwa asilimia 20, atalazimika kusaini 1,250,000. Miezi sita baadaye, akirudia, atasaini 1,562,500. Kila mzunguko deni linakua kwa robo, si kwa moja ya tano. Na katika mizunguko hiyo hakuna shilingi mpya iliyoingia kwenye biashara. Zile laki nane za mwanzo ndizo zinazodaiwa yote hayo. Watu wanapoita mikopo fulani kausha damu, mara nyingi wanaelezea mzunguko huu, hata kama hawajauandika kwa namba.

Serikali inapokopa, hesabu hufanywaje?

Mtu anaweza kusema kwamba kukata riba mwanzoni ni utaratibu wa kawaida wa fedha duniani. Ni kweli, na mfano bora uko hapa hapa nchini. Benki Kuu ya Tanzania huendesha minada ya dhamana za serikali za muda mfupi, zikiwemo za siku 91, 182 na 364. Mnunuzi hulipa pungufu ya 100 leo, na zikiiva serikali humlipa 100 kamili. Serikali nayo inakopa kwa riba iliyokatwa mwanzoni.

Lakini tazama riba inavyotajwa. Tuseme dhamana ya siku 364 imenunuliwa kwa 92. Tofauti ni 8. Faida haitajwi kuwa asilimia 8. Inapimwa kwa kugawanya 8 kwa 92 iliyolipwa kweli, kisha kurekebishwa kwa siku za mwaka, na inatoka kama asilimia 8.7. Bei inatajwa, na riba juu ya bei hiyo inatajwa pia. Mwenye fedha nyingi anaposhiriki mnada, anaambiwa riba ya fedha aliyoitoa. Muuza mchele wa Mlandege naye anastahili kuambiwa riba ya fedha aliyoipokea. Hesabu ni moja.

Kwa hiyo simlaumu mkopeshaji kwa kukata mwanzoni. Ana sababu zake: anapata uhakika wa riba hata mkopaji akiyumba baadaye. Ninachosema ni kwamba riba ikikatwa mwanzoni, namba inayolinganishwa na mikopo mingine lazima iwe riba halisi. Asilimia 3 inayokatwa juu kwa juu na asilimia 3 inayolipwa mwishoni ni bidhaa mbili tofauti zenye lebo moja.

Vikundi vyetu

Kwenye vikoba, utaratibu wa kukata riba hapo hapo mezani umeenea, na una maana yake: mweka hazina hana haja ya kufukuzana na mtu kwa ajili ya riba. Mwanachama akikopa 300,000 kwa asilimia 10, anapewa 270,000, na riba halisi yake ni asilimia 11.1. Tofauti na kampuni, fedha hiyo haipotei moja kwa moja, kwa sababu siku ya kuvunja kikoba riba inagawanywa kwa wanachama kulingana na hisa.

Lakini angalia nani anapata nini. Mwenye hisa nyingi asiyekopa anakula riba ya mwenye hisa chache anayekopa kila mara. Kiwango halisi kikiwa kikubwa kuliko kinachotajwa, pengo hilo linahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kikao chochote kuliamua. Nawashauri makatibu wafanye jambo moja dogo: kwenye daftari la mikopo, pembeni ya safu ya kiasi kilichoombwa, ongezeni safu ya kiasi kilichotolewa mkononi. Wanachama wakiziona namba mbili sambamba kila mwezi, mjadala wa riba utajiendesha wenyewe.

Kabla ya kusaini

Mkopeshaji asiyepokea amana, awe kampuni au mtu binafsi, yuko daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Kwa daraja hilo Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Chukua ukomo huo uone: asilimia 3.5 kwa miezi 6 ni 21. Ikikatwa mwanzoni, mkopaji wa milioni anapewa 790,000, na riba halisi ni asilimia 26.6, sawa na 4.4 kwa mwezi, bila kuhesabu ada. Kwa hiyo mtu akikuambia "tuko ndani ya asilimia tatu na nusu", hilo ni jibu la swali la leseni. Swali la mfukoni mwako bado halijajibiwa.

Kabla ya kushika kalamu, omba majibu ya maswali matatu na uyaandike mwenyewe kwenye daftari. Nitaondoka hapa na shilingi ngapi, baada ya kila makato? Nitarudisha jumla ya shilingi ngapi, na kwa tarehe zipi? Nikilipa kabla ya muda, narudishiwa kiasi gani? Ukiwa na jibu la kwanza na la pili, toa la kwanza kutoka la pili, gawanya kwa la kwanza. Kama marejesho ni ya awamu, tumia kipimo cha wastani au ile `RATE`. Ukiwa na wakopeshaji wawili, linganisha namba hizo tu, wala usilinganishe zile za kwenye mabango. Anayekataa kukupa jibu la kwanza kwa shilingi amekwisha kukujibu. Ukiwa na malalamiko, yaandike kwanza kwa mkopeshaji, kisha yapeleke Benki Kuu. Kwa Nyanda za Juu Kusini tawi lake liko Mbeya.

Mama wa Mlandege alilipa deni lake Desemba, akabaki na faida nyembamba kuliko aliyoitarajia. Nilipopita tena kibandani kwake, karatasi ile ilikuwa bado chini ya mzani, lakini nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu mistari miwili: "Nilipewa 800,000. Nimerudisha 1,000,000." Alikuwa ameukata mstari wa asilimia 3, na pembeni ameandika 25.